Kuanza na bei, kumalizia na gharama: mbuzi mpya ya kukunia nazi kwa soko la Malindi

Karakana nyingi za useremala hupanga bei kwa kujumlisha. Mbao kiasi hiki, chuma kiasi hiki, mkono wa fundi, faida juu yake, na jumla ndiyo bei. Kwa kitanda alichoagiza mtu mmoja njia hiyo haina ubaya, maana mteja yupo na mnapatana kabla msumeno haujagusa ubao. Kwa kitu kipya cha nyumbani, kitakachokaa dukani kumngoja mnunuzi usiyemjua, hesabu hiyo huzaa bei ambayo hakuna aliyeulizwa kama ataitoa.

Njia ya gharama lengwa huigeuza hesabu. Unaanza na bei ambayo mnunuzi ameonyesha kwa mfuko wake kwamba anaikubali, unaondoa fungu la mwenye duka, kodi na faida yako, na kinachobaki ndicho kiasi cha juu unachoruhusiwa kutumia. Kisha unakibuni kitu kienee humo. Toyota ilikuwa ikifanya hivi kwa magari tangu miaka ya 1960, na hesabu yake haibadiliki ikiletwa kwenye karakana ya watu 3.

Hapa tutaifuata kwa kitu kimoja mwanzo hadi mwisho: mbuzi ya kukunia nazi yenye kiti cha juu. Mbuzi ya kawaida hukalisha mtu karibu na sakafu, na mama mwenye magoti mabovu anajua maana yake. Hii mpya ina kiti cha sentimita 28 kutoka chini, chuma cha kukunia kisichoshika kutu kinachofunguliwa kwa nati moja ya masikio ili kioshwe, miguu yenye mpira, na bado inakunjwa. Bei za vifaa zilizotumika ni za mfano wa kuonyesha hesabu. Weka zako kutoka kwa muuza mbao wako.

Bei: usiulize tu, uza

Tengeneza sampuli 2, si michoro. Zipeleke kwa watu wanaokuna nazi kila siku, Maweni, Barani, Shela, Muyeye, na umwache mtu akune nazi 2 nzima kabla hujataja pesa. Akishamaliza muulize maswali manne kwa mpangilio huu: kwa bei gani utaiona rahisi mno hata uishuku? Kwa bei gani utasema umepata nafuu? Kwa bei gani itakuwa ghali lakini ungeifikiria? Na kwa bei gani hungeigusa kabisa? Majibu ya watu 20 au 30 yatakupa uwanja, kwa mfano kati ya 900 na 1,600. Hayatakupa bei.

Sababu ni kwamba maneno hayana gharama. Mtu aliyekaribisha mgeni kwake hatamwambia kazi yake haina thamani, kwa hiyo bei za mdomoni huwa juu. Ili upate bei ya kweli, chagua bei tatu ndani ya uwanja ule, kila moja uipeleke mtaa tofauti, na uombe arubuni ya shilingi 200 kwa mbuzi itakayoletwa baada ya mwezi. Mtu mmoja asisikie bei mbili, vinginevyo ya juu imekufa papo hapo. Arubuni irudishwe bila maneno ikiwa hutatengeneza.

Tuseme matokeo yamekuwa haya: kwa shilingi 1,500 walilipa watu 3 kati ya 20, kwa 1,200 walilipa 9, kwa 1,000 walilipa 10. Watu 20 ni wachache, kwa hiyo tofauti ya 9 na 10 si kitu. Tofauti ya 9 na 3 ndiyo inayosema jambo. Kushuka kutoka 1,200 hadi 1,000 hakukuletea wateja wa maana, na kupanda hadi 1,500 kumewafukuza wengi. Bei lengwa ni 1,200.

Angalia na majira. Jaribio la wiki mbili kabla ya Ramadhani, nazi zinapokwenda kwa wingi na kila jiko linajiandaa, litakupa bei ambayo hutaiona tena mwezi wa tano, mvua za masika zinapomwagika na hoteli zimepunguza wafanyakazi. Ukilazimika kujaribu msimu mzuri, rudia jaribio dogo msimu mbaya kabla ya kununua mbao nyingi. Na mnunuzi hakulinganishi na mbuzi ya mwenzako peke yake. Anakulinganisha pia na mashine ya sokoni inayokuna nazi kwa shilingi chache wakati yeye anasubiri. Anayekuna nazi moja kwa wiki ataenda kwenye mashine, kwa hiyo usimhesabu katika wateja wako hata kama ameisifu sampuli.

Kutoka 1,200 hadi gharama inayoruhusiwa

Kosa la kwanza hutokea hapa, kwenye fungu la duka. Mwenye duka akisema anataka asilimia 20, muulize: ya bei ya kuuzia au juu ya bei ya kununulia? Asilimia 20 ya bei ya kuuzia ni shilingi 240, nawe unabaki na 960. Asilimia 20 juu ya bei ya kununulia ni shilingi 200, nawe unabaki na 1,000. Ukikadiria moja naye akawa na nyingine kichwani, shilingi 40 kwa kila mbuzi zimekwenda kabla hujaanza. Tuchukue ile ngumu: unamuuzia kwa 960.

Kodi inafuata. Nchini Kenya, biashara ambayo mauzo yake ya mwaka ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 huweza kuangukia kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, bila kutoa matumizi. Mbuzi 40 kwa mwezi hazifiki milioni kwa mwaka, lakini karakana yetu ya mfano inauza vitanda na milango pia, na jumla ndiyo inayoangaliwa. Asilimia 3 ya 960 ni karibu shilingi 29. Kama hukusajiliwa kwa VAT, ile asilimia 16 unayolipa ndani ya bei ya bolti na vanishi hairudi, kwa hiyo iache ndani ya gharama ya vifaa.

Faida usiichukue hewani. Angalia saa moja ya karakana kwenye kazi zako za kawaida inaacha faida gani baada ya kulipa kila kitu pamoja na mishahara. Kwa mfano wetu, vitanda huacha kama shilingi 100 kwa saa. Mbuzi ikichukua saa moja na nusu, basi lazima iache karibu 150, la sivyo ni afadhali kuendelea na vitanda. Tumeweka asilimia 15 ya 960, yaani shilingi 144. Hapo tayari umepata na sharti la pili lisiloandikwa kwenye fedha: mbuzi moja isizidi dakika 90 za fundi.

Kwa hiyo 960, toa 29, toa 144, inabaki 787. Hiyo ndiyo gharama lengwa. Ndani yake ziingie mbao, chuma, mkono wa fundi, kodi ya pango la karakana, umeme, kupakia, kupeleka dukani na mbuzi zitakazoharibika.

Sampuli inagharimu kiasi gani

Sampuli ilitengenezwa kwa mbambakofi, imenakshiwa pembeni, imepakwa vanishi mara mbili. Ukiipima vizuri, hesabu yake ni hii:

| Kitu | Shilingi |
|---|---|
| Mbao | 340 |
| Bamba la chuma kisichoshika kutu, milimita 3 | 180 |
| Bolti, nati ya masikio na pini ya kukunjia | 75 |
| Miguu ya mpira | 40 |
| Msasa na vanishi | 60 |
| Mkono wa fundi, dakika 120 | 250 |
| Kodi ya karakana, umeme, kuchakaa kwa vifaa | 70 |
| Kupakia na kupeleka | 45 |
| Fungu la zitakazoharibika | 30 |
| Jumla | 1,090 |

Ile 340 ya mbao haikupatikana kwa kupima mbuzi. Ubao wa inchi 8 kwa 1, wenye urefu wa futi 14, ulinunuliwa kwa 1,020. Kila mbuzi inataka futi 4, hivyo zinatoka 3 na futi 2 zinabaki pembeni zikingoja matumizi yasiyokuja. Gharama ya mbao ni bei ya ubao mzima gawanya kwa mbuzi zilizotoka nzima. Anayezidisha futi 4 kwa bei ya futi moja atapata 291 na atashangaa mwisho wa mwezi.

Pengo ni 1,090 toa 787, yaani shilingi 303. Zaidi ya robo ya gharama yote lazima iondoke. Ukiona pengo la namna hii, jaribu la kwanza ni kusema "tuipandishe iwe 1,400 tu". Usifanye hivyo. Bei ile ilitoka kwa watu waliotoa arubuni, na pengo lako haliwahusu.

Pesa iko wapi, na mnunuzi anaitaka wapi

Hapa ndipo penye kazi hasa. Anayetafuta kupunguza gharama kwa kuiangalia orodha ya vifaa atakata kila kitu kidogo kidogo: chuma chembamba zaidi, mbao nyembamba zaidi, vanishi mara moja. Atafika 787 na mbuzi mbovu. Kinachotakiwa ni kuangalia kila kazi inayofanywa na mbuzi, si kila kifaa.

Kwenye yale majaribio ya mitaani, mpe kila mtu punje 20 za kunde na vikombe vitano, kila kikombe na kazi yake: kukuna vizuri, kukaa imara bila kutikisika, kutoshika kutu na kuosheka, kukunjika, na kupendeza. Agawanye punje kulingana na anachokijali. Punje hulazimisha mtu kuchagua. Ukimuuliza kwa mdomo atakwambia vyote ni muhimu. Katika mfano wetu kukuna kulipata asilimia 35, kukaa imara 30, kutoshika kutu 20, kukunjika 10, kupendeza 5.

Sasa, kodi ya karakana, usafirishaji na fungu la uharibifu, jumla 145, haviingii kwenye kikombe chochote. Viweke kando: 787 toa 145 ni 642. Gawa 642 kwa zile asilimia, kisha uandike pembeni yake sampuli inatumia kiasi gani kwa kila kazi, vifaa pamoja na dakika za fundi.

| Kazi | Linalostahili | Sampuli inatumia |
|---|---|---|
| Kukuna vizuri | 225 | 132 |
| Kukaa imara | 193 | 432 |
| Kutoshika kutu na kuosheka | 128 | 145 |
| Kukunjika | 64 | 103 |
| Kupendeza | 32 | 133 |

Kifaa kimoja kinaweza kuhudumia kazi mbili. Bamba la chuma la shilingi 180 tuligawa hivi: chuma cheusi cha kawaida kingegharimu 80, hiyo ni ya kukuna, 100 iliyozidi inalipwa ili kisishike kutu. Miguu ya mpira na mbao tuliziweka kwenye kukaa imara, nakshi na vanishi kwenye kupendeza. Ugawaji huu una ubishi ndani yake, na usiupiganie kwa shilingi 5. Unachotafuta ni tofauti kubwa zinazoonekana hata ukiwa umekosea kidogo.

Na zinaonekana. Mbao zinakula zaidi ya mara mbili ya zinachostahili. Mapambo yanakula mara nne. Meno ya kukunia, ambayo ndiyo anayolipia mtu, yamepewa kidogo kuliko haki yake. Kwa maneno mengine sampuli hii imebuniwa na seremala anayependa mbao.

Kuziba pengo

*Mbao.* Acha mbambakofi, tumia mwembe. Ubao wa kipimo kilekile kwa 700 hugharimu kidogo, na nafuu nyingine inatoka kwenye mpangilio wa kukata. Ukiifupisha mbuzi kutoka inchi 48 za ubao hadi 41, mbuzi 4 zinakula inchi 164 kati ya 168, na zile 4 zilizobaki zinatosha unene wa msumeno na kupunguza ncha zilizopasuka. Mbao sasa ni 175 kwa mbuzi.

Kufupisha kuna gharama yake. Mbao mbili zinazokingamana zikiwa fupi na kiti kikibaki sentimita 28, nafasi ya miguu chini hupungua kutoka kama sentimita 54 hadi 44. Kwa hiyo jaribu upya: mkalishe mtu mzito, akune nazi kavu kwa nguvu, kwenye sakafu ya saruji na kwenye vigae. Ikiinuka nyuma anapoegemea mbele, usiongeze urefu wa mbao. Shusha kiti sentimita 2 kwanza uone.

Mwembe una adui wawili. Bungua huutoboa, na ukitumiwa mbichi hupinda na kupasuka kwenye kiungo. Kwa bungua, loweka mbao zikiwa bado mbichi kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, kwa vipimo vya muuza dawa. Mbichi ndiyo hunywa dawa hadi ndani. Ikisha kulowekwa, panga kivulini kwa vijiti katikati ya kila ubao. Kwa unene wa inchi 1 tegemea wiki 8 hadi 12 hapa pwani. Usikisie: pima uzito wa vipande viwili vya alama kila wiki, na uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili mfululizo mbao ziko tayari. Dawa inaongeza shilingi 12 kwa mbuzi, na pesa ya mbao italala hapo miezi miwili au mitatu, jambo la kupanga mapema. Mbao zinaokoa 153.

*Nakshi na vanishi.* Nakshi inaondoka: dakika 20, shilingi 42. Nakshi ni fahari ya pwani na mgeni wa hoteli angeilipia, lakini hiyo ni bidhaa nyingine yenye bei nyingine, ihesabiwe peke yake. Vanishi ya pili ndiyo mtego. Kikombe cha kupendeza kimesema ina thamani ndogo, na kuiondoa kungeokoa vanishi na dakika za msasa. Tatizo ni kwamba dawa ya boriki huyeyuka kwenye maji. Mbuzi huoshwa kila siku, na bila vanishi nzuri dawa hutoka, kisha bungua huingia mwaka wa pili. Kwenye mbambakofi vanishi ilikuwa mapambo. Kwenye mwembe ni kinga. Ukibadilisha kifaa kimoja, rudi uulize upya kazi ya vile vilivyobaki. Vanishi mbili zinabaki.

*Kiungo cha kukunjia.* Fundi alikuwa akipima na kuchora kila kiungo, dakika 30. Tengeneza kiolezo cha plaiwudi cha milimita 12 chenye mianya ya kuongozea msumeno na tundu la drili, kazi inashuka hadi dakika 16. Kiolezo kingine cha kukatia urefu kinaokoa dakika 5 zaidi. Pamoja ni shilingi 40. Violezo vyote viwili tuseme vinagharimu 3,000 na vitafanya mbuzi 600 kabla mianya haijalika, hiyo ni shilingi 5 kwa kila moja. Tabiri kuvibadilisha: mwanya ukilika milimita 1, kiungo kinalegea, na mbuzi inaanza kutikisika bila mtu kujua kwa nini.

*Chuma.* Usipunguze unene. Bamba la milimita 2 hupinda likiwa na meno nje ya ubao. Nunua mabaki kutoka kwa mafundi wanaotengeneza reli za ngazi na meza za jikoni za hoteli, 150 badala ya 180. Mabaki huwa ya aina zilizochanganyika, na sumaku haitakuambia ukweli wote. Kata kipande, kichovye maji ya bahari, kiache kikauke, rudia siku 3. Kikitoa madoa ya hudhurungi, kikatae. Jambo jingine linalowasumbua wengi: chuma kizuri hushika kutu kikisagwa kwa diski iliyokwisha kusaga chuma cheusi, maana chembe za chuma cheusi hubaki juu yake na kuota kutu. Weka diski na tupa za chuma hiki peke yake, na uziwekee alama ya rangi.

Kati ya hizo 30 zilizookolewa, 10 zirudishe kwenye meno. Dakika 5 zaidi za kusawazisha makali, ili meno yote yawe na kimo kimoja na upande wa nje wa chuma usikwaruze vidole. Hiki ndicho kikombe kilichopewa punje nyingi na pesa chache, na nazi iliyokunwa laini ndiyo inayotoa tui zito. Faida halisi kwenye chuma ni 20.

*Vidogo vidogo.* Miguu ya mpira wa dukani inakuwa vipande vya tairi kuukuu kutoka kwa mafundi wa akala, 15 badala ya 40. Pini na bolti zikinunuliwa kwa boksi zinaokoa 25. Kupeleka dukani mbuzi 20 kwa tuktuk moja, badala ya 5 kwa bodaboda, kunashusha 45 hadi 25.

Upande wa pili wa daftari: mwembe utapasuka zaidi kuliko mbambakofi hata ukikaushwa vizuri. Fungu la uharibifu lipande kutoka 30 hadi 45. Asiyeandika hili anajidanganya kwa shilingi 15.

Jumlisha: mbao 153, nakshi 42, violezo 35 baada ya kutoa gharama yake, chuma 20, miguu 25, pini na bolti 25, usafiri 20, toa 15 za uharibifu. Umeokoa 305. Gharama mpya ni 785, na muda wa fundi ni dakika 86. Umeingia ndani ya 787 kwa shilingi 2, na hiyo haikupi nafasi ya kuteleza.

Dakika ambazo hazijawa pesa

Katika zile 305, shilingi 72 ni dakika za fundi. Hizo ndizo za kutilia shaka. Kama fundi analipwa kwa siku, naye akimaliza mbuzi mapema anakaa kupiga soga, hujaokoa chochote. Mshahara ni uleule. Dakika 34 zinakuwa pesa pale tu zinapotengeneza mbuzi nyingine inayouzwa, au zikirudi kwenye vitanda. Kama analipwa kwa kipande, bei ya kipande haishuki yenyewe kwa kuwa umemletea kiolezo. Mpatane kabla, na umwachie sehemu. Fundi anayeona kiolezo kinampunguzia mkate ataacha kukitumia ukigeuka.

Kwa hiyo kabla ya kukubali 785, andika mpango wa wiki: mbuzi 10 ni saa 14 na dakika 20, siku zipi, na saa zilizobaki zinafanya nini. Mpango usipojaa, irudishe ile 72 kwenye gharama na utafute pengine. Mara nyingi hapo ndipo mtu anapogundua kwamba aitengeneze mbuzi kwa mikupuo ya 20 mara mbili kwa mwezi, si mbili mbili kila siku, maana kupanga violezo na kubadilisha diski nako kunakula muda.

Kundi la kwanza

Tengeneza 20, za wale waliotoa arubuni na chache za duka. Pima kila kitu upya: mbao ngapi ziliingia, mbuzi ngapi zilitoka nzima, dakika kwa saa ya ukutani. Gawanya gharama yote kwa zile nzima. Kundi la kwanza litazidi, mikono bado haijazoea, na 830 si ya kutisha. Kundi la pili likizidi 800, tafuta sababu kabla ya la tatu. Kwa kawaida huwa mbao: muuza mbao amekuletea za futi 13 na nusu zikiitwa 14, na mbuzi ya nne haikutoka. Hapo mbao za mbuzi moja zinapanda kutoka 175 hadi 233, na shilingi 58 hizo zinakula zaidi ya theluthi moja ya faida. Pima kila ubao kabla ya kulipa.

Baada ya kuanza kuuza, bei ya mwembe au chuma itapanda. Kanuni ya kufuata ni kwamba shilingi iliyoongezeka mahali itolewe mahali pengine, na kikombe chenye punje nyingi kiguswe mwisho. Isipowezekana, rudi mtaani na jaribio jipya la arubuni kwa bei mpya. Na kama hata mwanzoni pengo lingebaki shilingi 80 baada ya kujaribu yote, uamuzi sahihi ungekuwa kurudisha arubuni na kutotengeneza, au kuiuza mwenyewe sokoni bila duka, ambako zile 240 ni zako. Katika njia hiyo ya pili lakini, muda wa kukaa sokoni nao unaandikwa kwenye gharama.